Naombeni ushauri, sala ya usiku ada ikininyima usingizi

Wapendwa shule zinafunguliwa wiki ijayo, binti yuko kidato cha pili, bweni, ada ya awamu ya kwanza laki 6 na mkononi nina laki 2 na nusu. Saa nane usiku macho kodo, naanza Baba Yetu nikifika kwenye riziki akili inahamia kwa nani nimkope na kikoba kinavunjwa lini, sala imeishia hapo.

Mama mkwe kanipa Zaburi ya 4, ule mstari wa 8 wa kujilaza kwa amani, nikaungia na yangu:

"Baba, imebaki laki 3 na nusu, unajua. Asubuhi naenda kwa mhasibu kuomba nilipe kidogokidogo, nipe maneno, umlainishe moyo. Usiku huu siwezi kupata hata shilingi, hili deni likae kwako mpaka kuche. Mwanangu asijione mnyonge. Nipe usingizi, kwa jina la Yesu, amina."

Nikiisema kwa sauti ya chini inasaidia, kimoyomoyo narudi kwenye hesabu. Sasa, kumtajia Mungu hela kwa tarakimu mnaona sawa? Na nikishtuka tena saa kumi nirudie ileile au niamke tu nisome Zaburi nyingine?