Tupeane uzoefu: mchanganuo wa Excel uliokudanganya, na ukaguzi uliokamata (au ulioshindwa kukamata) kosa

Wa Igombe

Wakuu habari za leo. Naomba tusimuliane yaliyotukuta kwenye michanganuo ya fedha ya Excel, hasa hili la kutenganisha makisio, hesabu na majibu, pamoja na mistari ya ukaguzi. Naanza na langu.

Nilimwandalia ndugu yangu mchanganuo wa kizimba cha sato huku Igombe ili aombe mkopo. Vifaranga 10,000, wanaofika kuvunwa asilimia 85, kila mmoja nusu kilo. Hapo unapata kilo 4,250, na kwa bei niliyokisia ya shilingi 8,000 kwa kilo, mauzo ni milioni 34. Chakula nilikisia kilo moja na nusu kwa kila kilo ya samaki, shilingi 3,000 kwa kilo, jumla 19,125,000. Ukitoa chakula peke yake zinabaki 14,875,000. Gharama nyingine naziacha ili mfano ufuatike.

Vyote vilikuwa kwenye shiti moja. Afisa mikopo akauliza, "Wakibaki asilimia 70 je?" Nikabadilisha namba mbele yake. Ile 14,875,000 ikapanda hadi 18,250,000. Samaki wamekufa wengi zaidi na faida imeongezeka! Yeye aliona kabla yangu, na mkopo ukasubiri.

Nilipochimba nikakuta mstari wa chakula unasoma ile seli ya asilimia vizuri, ila mstari wa mauzo nilikuwa nimeandika 0.85 kwa mkono ndani ya fomula siku ya kwanza, nikasahau. Kwa hiyo chakula kilishuka hadi 15,750,000 huku mauzo yamebaki milioni 34. Jibu sahihi lilikuwa mauzo milioni 28 na masalio 12,250,000.

Sasa naanza na shiti nne. `Makisio` ndipo mahali pekee ninapoandika namba kwa mkono, kwa rangi ya bluu. `Hesabu` ni fomula tupu. `Majibu` haikokotoi kitu, inasoma tu kutoka `Hesabu`. Ya nne ni `Ukaguzi`. Mauzo yalitoka hivi:

```
=Hesabu!D8*0.85*Makisio!$C$6*Makisio!$C$7
```

yakawa hivi:

```
=Hesabu!D8*Makisio!$C$5*Makisio!$C$6*Makisio!$C$7
```

Ukaguzi ninaoutegemea zaidi hauhesabu pesa, unahesabu samaki: walioingia, toa waliokufa, toa waliouzwa, toa waliobaki kizimbani, ije sifuri. Ningekuwa nao siku ile, na waliouzwa nao wakipigwa kwa ile 0.85 kama mauzo, ungesoma vifo 3,000 na waliouzwa 8,500, jumla 11,500 kwa vifaranga 10,000. Hasi 1,500, kosa liko wazi.

Leteni ya kwenu.

Kijana wa Nyegezi

Mkuu umenena. Mimi nina njia fupi zaidi: kila sehemu naweka tofauti yake, mwisho najumlisha tofauti zote kwenye seli moja. Ikisoma sifuri, mchanganuo uko sawa. Na fomula zote nazifunika kwa IFERROR ili zisilete takataka mbele ya mteja. Mpaka leo sijapata tatizo.

Baba Busisi

Shikamooni wakubwa. Na mimi nina swali, kuhusu kufunga shiti. Nikiweka neno la siri, mtu hawezi kabisa kubadilisha namba zangu? Kuna mshirika wangu simwamini.

Mhasibu wa Capri Point

Kijana wa Nyegezi, kutenganisha sehemu umefanya vema, lakini ile seli moja ya jumla itakuangusha. Niliwahi kukagua mchanganuo wa mashine ya barafu ambao mkopo ulikuwa umezidi 200,000 na stoo imepungua 200,000. Tofauti zikafutana, jumla ikasoma sifuri, kila mtu akaridhika. Kila ukaguzi ugeuze kwanza kuwa 0 au 1, ndipo ujumlishe:

```
=IF(ABS(Hesabu!D20)<0.5,0,1)
```

Moja na moja hazifutani. Ile 0.5 ipo kwa sababu Excel hubakiza vipande vidogo mno vya desimali, na ukidai sifuri kamili utapigiwa kengele za bure. Seli ya jumla iweke juu ya shiti ya `Majibu`, msomaji aione kabla ya kuiona faida.

IFERROR ndiyo inayonitia hofu zaidi. Jina la gari likikosewa herufi, fomula inayotafuta nauli inakosa jibu, IFERROR inaweka 0, gharama ya usafiri inatoweka na faida inanenepa. Heri `#N/A` ionekane ikuharibie siku.

Kuna na ukaguzi usioweza kufeli. Nimeona mizania ambayo pesa taslimu ilipatikana kwa kuchukua madeni na mtaji, kisha kutoa mali nyingine. Lazima ilingane, hata ukifuta nusu ya mauzo. Pesa taslimu itoke kwenye mtiririko wa fedha, mwezi kwa mwezi, ndipo kulingana kwa mizania kuwe na maana. Mimi nikimaliza mchanganuo huharibu namba moja kwa makusudi. Ukaguzi usipowaka, naujenga upya.

Wa Igombe, na wewe nina neno. Ile 12,250,000 yako bado si sahihi. Samaki aliyekufa alikula kabla ya kufa.

Baba Busisi, neno la siri la shiti linazuia kuguswa kwa bahati mbaya. Usilitegemee kwa mtu mwenye nia. Baki na nakala yako mwenyewe.

Mama Dagaa Kirumba

Mimi ni wa dagaa hapa Mwaloni, na mwanangu alinitengenezea hizo shiti zikapendeza kweli, ukaguzi wote sifuri. Lakini hazikufanana na maisha yangu. Yeye aliweka nguzo kumi na mbili za miezi, mapato sawasawa. Dagaa huvuliwa kwenye giza kwa taa, mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inapumzika. Giza halifuati kalenda, linarudi kila baada ya siku ishirini na tisa na nusu hivi. Marejesho ya mkopo yanafuata kalenda. Mwezi mmoja nililipa kwa shida, na shiti ilisema nina akiba.

Mhasibu wa Capri Point

Mama, hilo hakuna ukaguzi ungelikamata, kwa sababu jumla ya mwaka ilikuwa sahihi. Ningebaki na miezi ya kalenda, ila kwenye `Makisio` niongeze mstari wa idadi ya usiku wa kuvua kwa kila mwezi, na mapato yazidishwe kwa huo.

Mama Dagaa Kirumba

Na giza likiangukia miezi miwili? Dagaa wa tarehe 30 nawauza baada ya kukauka, tena mvua ikinyesha nasubiri zaidi.

Kijana wa Nyegezi

Kwa hiyo nguzo ziwe wiki, au siyo? Ila hapo shiti inakuwa ndefu mno. IFERROR nimeanza kuziondoa, na nimekuta mbili zilikuwa zinaficha kitu.

Wa Igombe

Mhasibu, nimelifanyia kazi lile la chakula. Nimekisia waliokufa 3,000 walikuwa wamefika gramu 200 kwa wastani. Hizo ni kilo 600 za samaki, chakula kilo 900, shilingi 2,700,000. Kutoka 12,250,000 nimebaki na 9,550,000. Ukaguzi wangu wote ulikuwa unasoma sifuri muda wote huo, maana samaki walihesabika sawa. Hizo gramu 200 nimeziweka kwenye `Makisio` kwa bluu. Mwenye kizimba anayeandika vifo kila wiki, naomba aniambie wake hufa wakiwa na uzito gani, kwa sababu wakifa wadogo ile 2,700,000 inashuka sana.

Mama, la wiki au miezi na mimi sina jibu bado. Hebu tuandikie siku za mauzo ya giza mbili zilizopita, tujaribu zote mbili tuone ipi inalingana na daftari lako.