Skripti inayomeza mizigo mikubwa, na meneja anayesema "isiguswe"

Assalaam aleikum wanajukwaa. Nafanya kazi katika kampuni inayonunua mwani mkavu Pemba, na kila mwisho wa mwezi natoa ripoti ya kilo zilizopokelewa Wete, Mkoani na Micheweni. Ripoti hiyo hutolewa na skripti ya mtu aliyekwishaondoka zamani, na kila ninapoomba kuiandika upya jibu la meneja ni lile lile: "Si inatoa ripoti? Isiguswe." Wiki iliyopita wakulima wa Wete walilalamika kwamba kilo zao hazimo, nikaitwa mimi na kuambiwa mbele ya watu kwamba sijui kujumlisha. Kosa lenyewe ni hili:

```python
try:
    jumla += float(row[4])
except:
    pass
```

Skripti huchukua safu ya tano ya kila mstari, hujaribu kuigeuza iwe namba, na ikishindwa huuruka mstari huo kimya kimya. Karani wa Wete alipewa kompyuta mpya, akapanga Excel ionyeshe koma kwenye maelfu, na faili linapohifadhiwa kama CSV koma ile huingia nayo, ilhali `float` haiisomi `1,250` kama namba. Kwa hiyo siku moja ya mizigo minne, ile ya kilo 640 na 875 ilihesabiwa, ya 1,250 na 1,040 ikaachwa, na badala ya 3,805 ripoti ikasema 1,515. Kinachonitia uchungu ni kwamba haipotezi ovyo. Inapoteza kila mzigo uliofika kilo elfu moja, yaani vile vikundi vya akina mama vilivyovuna zaidi ndivyo vinavyoonekana havikuleta kitu.

Nimemwandikia meneja barua fupi, nanyi mniambie kama mtu asiyejua kompyuta ataielewa:

"Mheshimiwa Meneja, skripti yetu ni kama mizani isiyokubali kusema imeshindwa: ikipata mzigo isiouelewa, huuacha na kuendelea kupima. Kwa siku moja tu iliacha kilo 2,290 za Wete, na tusingejua lau wakulima wasingelalamika. Kila mwezi natumia siku mbili kulinganisha ripoti na madaftari ya vituo kwa mkono. Naomba siku nane za kazi niiandike upya, ili itafute safu ya kilo kwa jina lake, na isimame na kuutaja mstari wenye shida badala ya kuuruka. Siku hizo nane zitarudi baada ya miezi minne. Skripti mpya haitamzuia karani kuandika uzito usio sahihi. Hilo litabaki kwa vituo."

KijanaWaChake: Ndugu, unakuza jambo. Weka `.replace(",", "")` kabla ya `float`, ni kazi ya dakika tano, kisha umwache meneja wa watu.

Mwenye uzi: Hiyo niliiweka usiku ule ule. Lakini mwezi Februari karani wa Micheweni aliongeza safu ya magunia kabla ya kilo, skripti ikajumlisha magunia na kuyaita kilo. Hapo hapakuwa na koma ya kuondoa.

MzeeWaMtambwe: Sisi tulipigania jambo hili tangu zamani. Mizani zote za vituoni zikaguliwe, na mkulima asimame pale asome mwenyewe.

FundiHesabu: Sheikh, hasira zako ni haki, ila tazama Mzee alivyosoma: mfano wa mizani umemfanya adhani mizani ndiyo mbovu, na meneja naye atampigia simu fundi wa mizani. Uondoe, uweke ile mizigo minne pamoja na jumla zote mbili. Pili, usimwahidi siku mbili zote, kwa sababu mwanzoni utaendelea kulinganisha na madaftari. Sema siku moja, na siku nane zirudi baada ya miezi minane. Tatu, skripti mpya na ya zamani ziendeshwe pamoja kwa miezi miwili, na kila tofauti ielezwe kabla ya kuizima ya zamani. Hofu ya meneja kwamba utaharibu kinachofanya kazi si ya kijinga, na hilo ndilo litakaloituliza. Tena ukiweza, hata leo weka `raise` mahali pa ile `pass` ili isimame inaposhindwa.

Mwenye uzi: Mfano nimeufuta, na miezi minane nimeiandika ingawa inanidhoofisha. Ila nikiiweka hiyo `raise` leo, mstari mmoja ukishindwa ripoti ya kesho haitatoka kabisa, nami ndiye nitakayeulizwa.

FundiHesabu: Bora isitoke. Na koma hizo zilianza lini? Miezi ya nyuma inabidi ihesabiwe upya.

Mwenye uzi: Kompyuta ililetwa Novemba. Faili za CSV huja kwa jina lile lile kila mwezi na mpya hulifuta la zamani, kwa hiyo ninalo la mwezi uliopita tu. Madaftari ya karatasi yapo Wete, na sijajua kama niyataje kwenye barua hii au nisubiri kwanza nipate hizo siku nane.