Kinyozi yule wa Mwanjelwa amezima mashine ili awaite watu waje kukitazama kisogo changu

Mzula Mweusi (mleta uzi)

Wakuu, ninaandika nikiwa nimevaa mzula ndani ya nyumba, na si kwa sababu ya baridi ya mwezi wa saba peke yake. Simtaji jina, kwa kuwa kila aliyewahi kushuka bajaji Mwanjelwa anamfahamu: ni yule mwenye kiti chekundu, redio isiyopumzika, na mdomo unaofanya kazi kuliko mashine yake.

Tangu mwaka 2020 nimekuwa nikijinyoa mwenyewe. Nilinunua mashine wakati ule watu walipokuwa wanakwepana, nikaizoea, nikaona pesa ya saluni inabaki mfukoni. Kila baada ya wiki mbili nilisimama mbele ya kioo cha bafuni, nikapitisha kitana cha namba 2 juu, nikakivua na kunyoa pembeni bila kitana, kisha kisogo nikakimalizia kwa kupapasa. Mke wangu hakuwahi kusema neno, nami nilidhani kunyamaza kwake ni kuridhika. Jana mashine ilikufa, na kesho nina kikao cha posa ya mdogo wangu kule Tukuyu, basi nikaenda kwa huyo bwana.

Alinifunga shuka shingoni, akakigeuza kichwa changu kushoto, akakigeuza kulia, akawasha mashine, kisha akaizima. Wakuu, aliizima. Hata redio aliipunguza sauti. Akaniuliza kwa upole wa daktari mwenye majibu mabaya: «Kaka, mara ya mwisho alikunyoa nani?» Kwa aibu nikadanganya kwamba ni kinyozi mmoja wa Uyole. Akasema: «Basi huyo ana kisa na wewe.» Halafu akatoa kichwa mlangoni na kuwaita vijana wa bodaboda waje waone njia ya kupandia mlima Loleza. Walikuja wanne, na mmoja alikuwa ananionyesha kwa gunzi la hindi la kuchoma. Mteja anayelipa shilingi 3,000 anaonyeshwa kwa gunzi!

Chifu wa Sae

Pole sana, mkuu, lakini kinyozi hakukosea neno hata moja, kwa sababu mtu aliyekunyoa ana kisa na wewe kweli, na anaishi nyumbani kwako.

Fundi Mstaafu

Nimenyoa watu Mafinga kwa miaka tisa kabla mgongo haujanikataza, na vichwa vya namna hiyo vilikuwa vikiniijia sana kila karibu na harusi. Anayejinyoa hakioni kisogo chake. Anapapasa, anahisi upande mmoja umeshuka, anaupandisha, kisha anaupandisha na wa pili ili ulingane na wa kwanza, na kwa mwendo huo mstari uliopaswa kukaa shingoni unafika usawa wa masikio. Ngazi nazo zina chanzo chao. Ukivua kitana na kupandisha mashine ikiwa imegandamana na kichwa, kisha ukaisimamisha ghafla, pale iliposimama ndipo panapobaki ngazi. Mkono unatakiwa utoke nje taratibu, kama mtu anayechota unga, kwa sababu kichwa chenyewe kinajipinda kuelekea ndani. Mleta uzi atueleze: mstari wa kisogoni ulikuwa wapi, na huyo bwana aliufanya nini?

Mzula Mweusi

Mstari ulikuwa vidole vitatu juu ya mahali pake, na upande wa kulia umepanda zaidi. Juu aliteremsha kutoka namba 2 hadi namba 1, akalainisha ngazi kwa kuchezesha kile kiwiko cha pembeni ya mashine, lakini kisogo alikataa kabisa kukigusa, akasema nirudi baada ya wiki mbili. Nakiri kwamba kazi yake si mbaya. Lakini hebu tusisahau kwamba aliizima mashine. Angeweza kuyasema hayo yote ikiwa inanguruma, bila mtu wa nje kusikia.

Mgeni Vwawa

Samahani, hiyo mashine iliyokufa unaiuza kwa bei gani? Mimi nina fundi.

Fundi Mstaafu

Basi huyo bwana, pamoja na mdomo wake, anaijua kazi. Kinyozi hana uwezo wa kurefusha, hivyo sehemu fupi kuliko zote ndiyo inayoamua kichwa kizima kiwe vipi. Namba 2 huacha nywele za kama milimita 6, na namba 1 huacha kama 3. Kwa kuwa nywele huota takribani sentimita 1 kwa mwezi, hizo wiki mbili zinatosha kisogo kilichobaki wazi kifikie milimita 3 na kupita kidogo. Wakati huo za juu nazo zitakuwa zimekua, na ndiyo maana ametaka urudi: atazipunguza tena kwa namba 1 pamoja na kisogo, atachonga mstari mpya shingoni, na hapo tofauti itakuwa imekwisha. Ukishindwa kuvumilia na ukakisawazisha mwenyewe wiki hii, mtaanza upya.

Mama Wawili Soweto

Mimi ningemshauri akinyoe hicho kisogo kwa wembe, apake spiriti, kiwe kitupu na kiishe. Vipele vya kisogoni vinaletwa na mashine chafu tu. Mwanangu wa darasa la pili alirudi saluni akiwa mzima, na baada ya muda akatokwa na mabaka ya mapunye, nami nikapaka mafuta ya kila aina bila mafanikio.

Fundi Mstaafu

Kuhusu mapunye una haki ya kukasirika, mama, kwa kuwa mashine isiyosafishwa huyahamisha kutoka kichwa hadi kichwa, ingawa watoto huambukizana pia kwa kofia na vitana. Mafuta ya kupaka hayafiki kwenye shina la unywele, ndiyo maana hospitali huwapa dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Lakini vipele vya wembe ni habari nyingine. Nywele zetu zilizojikunja zikikatwa chini ya usawa wa ngozi, ncha hujipinda na kuchoma ngozi upya, hata kama wembe umetolewa kwenye karatasi sasa hivi. Spiriti haizuii hilo.

Mama Wawili Soweto

Baba yangu alinyoa kwa wembe miaka yote, hakuwahi kutoka kipele hata kimoja.

Mkwawa Mdogo

Nyinyi mnalia kwa kuchekwa. Mimi pale Iringa mjini niliingia kunyoa tu, nikafumba macho nikihisi mikono laini usoni, na nilipofumbua nilikuwa nimepakwa skrabu, nimekandwa mabega, na ninadaiwa shilingi 15,000. Nilipouliza nani ameiagiza, dada akasema niliitikia. Nilikuwa ninakoroma!

Chifu wa Sae

Kukoroma ni kuitikia, ndugu.

Mkwawa Mdogo

Kwa hiyo unamtetea? Bei ya skrabu inatakiwa ibandikwe ukutani, mtu aione kabla hajakaa.

Mama Wawili Soweto

Hapo kwenye skrabu naungana nawe, maana mume wangu hurudi ananukia limao na hataji bei.

Mzula Mweusi

Wakuu, turudi kwenye jambo langu. Mke wangu amesoma uzi huu wote, na ameniambia kwamba mstari huo aliuona tangu mwaka juzi. Naomba anayepita Mwanjelwa aniambie saa ambayo wale vijana wa bodaboda huwa hawapo.

Mkwawa Mdogo

Chifu, bado hujanijibu.