Tupeane uzoefu: matangazo ya mzaha ya vitu vya kawaida. Letu la mbuzi wa nazi liligoma kuchekesha mpaka nyanya alipoingilia

BintiKibokoni

Jamani, wale mliowahi kutengeneza yale matangazo ya mzaha, ya kukitukuza kitu cha nyumbani kana kwamba ni gari la milioni kumi, njooni tuambiane. Mimi na binamu zangu wawili tulichagua mbuzi wa nyanya. Tulikuwa na simu moja, nazi sita na ukumbi wa nyumba yetu hapa Mji wa Kale.

La kwanza tuliliandika kwa fujo. Sauti nzito inasema mbuzi huyu amekuna nazi mwezini, marais wamemlilia, anakuna nazi elfu kwa dakika. Binamu yangu amevaa koti la suti na miwani ya jua, amemkalia mbuzi huku anaikodolea kamera. Sisi wenyewe tulicheka hadi mbavu zikauma. Tukalituma kwenye kundi la familia, watu 41. Kikaja kicheko kimoja, cha mamangu, na mamangu hucheka hata nikimtumia namba za tokeni.

Nyanya alilitazama mara mbili, akarudisha simu. "Mbona mwamsingizia? Mwezini kaenda lini?" Akanyamaza kidogo. "Huyo ndiye aliyekuna nazi za harusi ya mamako. Hilo hamkulisema."

Hapo ndipo nilipoona kosa. Tukalifuta lote, tukaandika upya kwa sharti moja: kila sentensi iwe kweli tupu. Uongo usiwemo hata chembe, sauti tu ndiyo ivimbe. Maneno yenyewe ni haya, kila mstari na pumzi yake:

*Hana waya.*
*Hana betri.*
*Umeme ulipokatika siku mbili… yeye hakujua.*
*Meno yake hayajang'oka. Ya wengi nyumbani humu yameng'oka.*
*Alikuna nazi za harusi ya mama. Alikuna na za hitima ya babu.*
*Hakuuliza ni ipi.*
*Ukimkalia, hasemi kitu.*
*Ukimaliza, anakunjika.*
*(kimya)*
*Mbuzi. Kalia.*

Hayafiki maneno 60, na yalijaza sekunde 55. Safari hii kundi lilicheka, na ami yangu mmoja alilia kidogo pale pa hitima, jambo ambalo hatukulipanga. Niambieni, nyinyi mlitengeneza la nini, na mlikwama wapi?

Baba Rama

Asalam aleikum. Huyo mbuzi ni bei gani? Niko Kisauni, naweza kuja leo.

Kombo wa Kamera

Binti, nyanya yako amekupa somo ambalo sisi tunaopiga video za harusi tumelilipia kwa miaka. Ukisema mbuzi amekwenda mwezini, mtazamaji ameshajua ni mzaha na amekaa akisubiri mzaha mkubwa zaidi, nawe huna pa kupanda tena. Ukisema "hana waya" kwa sauti ya msiba, anabaki akijiuliza kama unafanya mchezo au la. Kicheko kinatoka hapo katikati.

Hata makampuni yenyewe yameshaijua njia hii. Mwaka 2014 IKEA ya Singapuri ilitoa tangazo la katalogi yake ya karatasi, likaigiza namna simu mpya zinavyotangazwa: mtu mtulivu mbele ya ukuta mweupe, anasifu kwamba haina waya na betri yake haiishi. Kitabu tu! Na hakuna aliloongopa.

Sasa niongeze la upande wangu, maana wengi hukwama kwenye picha. Matangazo ya kifahari yana mwendo wa pole, na simu nyingi zitakupa picha 120 kwa sekunde. Ukizicheza 24 kwa sekunde, kila sekunde moja inakuwa tano. Mkono ukizungusha kifuu juu ya meno ya mbuzi kwa nusu sekunde, unapata sekunde mbili na nusu za nazi ikidondoka. Kwa mstari mmoja wa maneno, inatosha kabisa.

Tatizo ni taa. Umeme wetu ni wa hezi 50, kwa hiyo taa nyingi za ndani hupepesa mara 100 kwa sekunde. Jicho halioni, lakini kamera ya picha 120 inaona, na video inatoka ikiwaka na kufifia kama disko. Nilimpigia jamaa mmoja tangazo la upepeo wa jiko namna hiyo, usiku, chini ya taa ya tyubu. Kazi yote ikaharibika, na kwenye kioo kidogo cha simu hatukuona kitu mpaka tulipoikuza kwenye kompyuta. Siku hizi nazima taa zote nasogea dirishani au uani. Jua halipepesi.

Na nazi ionekane! Weka mwanga nyuma yake, ukuta wa giza mbali zaidi nyuma, kamera uelekeze kwenye mwanga lakini dirisha lenyewe lisiingie kwenye picha. Nazi iliyokunwa ikipigwa mwanga kwa nyuma inang'aa kama theluji ya sinema. Ukiimulika kwa mbele ni unga mweupe tu kwenye sinia.

Sauti ya Tudor

Mimi nasema sauti ndiyo kila kitu. Chukua programu yoyote ya simu, ishushe sauti mpaka chini, weka mwangwi, umemaliza. Halafu nendeni pwani ya Nyali magharibi, mpate jua likizama baharini nyuma ya mbuzi. Hapo ni Ulaya kabisa.

BintiKibokoni

Kaka, jua kuzama baharini Nyali? Bahari yetu iko mashariki. Ukienda magharibi utapata vivuli vya minazi na jua limeangukia huko bara. Ukilitaka jua juu ya maji, kaweke mbuzi mchangani kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, na ujiandae kuulizwa maswali na watu wa mazoezi.

Sauti kweli ina kazi kubwa, hapo sikupingi. Lakini hiyo ya kuishusha kwa programu tuliijaribu, binamu yangu akawa kama mtu anayedai fidia ya mateka. Kilichotufaa ni yeye mwenyewe kusema polepole, karibu na simu, akiwa amejifunika mablanketi mawili. Feni tuliizima, dirisha tukafunga, maana ukumbini sauti inagonga kuta na mwadhini, bodaboda na jirani wote wanaingia. Alitoka humo ametota jasho, lakini sauti ilikuwa kavu na ya karibu, kama mtu anakunong'oneza siri ya mbuzi.

Baba Rama

Samahani kuuliza tena. Ni dume au jike?

Mwalimu wa Likoni

Mimi na wanafunzi wangu wa klabu ya maigizo tulichukua njia nyingine, yale matangazo ya "je, umechoka na…?" Yale ambayo mtu hajui kufanya kitu chochote: akifungua kabati vyombo vinamwangukia, picha haina rangi, halafu bidhaa inakuja na rangi inarudi. Kitu chetu kilikuwa kata ya maji.

Kijana wetu alitakiwa anywe maji bila kata. Akainua mtungi mzima, maji yakammwagikia. Vizuri. Tatizo, tulirudia mara saba, na shati alikuwa nalo moja. Kwa hiyo kwenye tangazo ananyanyua mtungi akiwa tayari amelowa, anamwagikiwa akiwa mkavu, kisha anapata kata akiwa nusu nusu. Sasa nawaambia: panga picha zote za ukavu kwanza, hata kama ni za mwisho wa hadithi, maji yaje mwisho wa siku.

Jambo la pili, na hapa sijui kama Kombo atakubali. Kijana alipokuwa akipiga kelele na kutoa macho, darasa halikucheka. Nikamwambia, "Wewe hujashindwa kunywa maji. Wewe umefiwa." Akauinua ule mtungi pole pole, uso mtulivu, machozi karibu. Darasa likavunjika.

Kombo wa Kamera

Nakubali, mwalimu, asilimia mia. Mwigizaji akijua kwamba anachekesha, kwisha. Picha moja ambayo binamu ya Binti anatabasamu ingeharibu nyingine zote. Hizo unakata, hata kama nazi imedondoka vizuri namna gani.

Ninapotofautiana na Binti ni urefu. Sekunde 55 ni nyingi. Mtazamaji anaelewa mchezo kwenye "hana betri", sekunde ya kumi hivi. Kuanzia hapo kila mstari lazima umpeleke mahali ambapo hakupatazamia, la sivyo unarudia utani uleule kwa maneno mengine. "Ukimkalia, hasemi kitu" ningeikata. Ni utani wa jina tu, na mtu wa pwani ameshaufikiria kabla hujafungua mdomo.

BintiKibokoni

Hapana, huo siutoi. Bila huo, "Kalia" inakuja ghafla, haina mguu wa kusimamia. Binamu yangu mwingine anakuunga mkono wewe, tumegombana tangu juzi. Lakini pale pa hitima wote tumekubaliana pabaki, na sijui niseme ni kwa nini panachekesha na kuuma kwa pamoja.

Sauti ya Tudor

Mimi bado nasema mwangwi.

Mwalimu wa Likoni

Na kimya je? Binti ameandika "kimya" kwenye mabano, hakusema sekunde ngapi. Sisi tuliweka sekunde moja kabla ya jina la kata, haikufanya kazi. Tukaweka tatu, watoto wakaanza kucheka kabla ya jina kutajwa.

BintiKibokoni

Mbili na kidogo. Muziki tuliukata kabisa hapo, ikabaki sauti halisi ya nazi ikikunwa, kwaru, kwaru, na yenyewe ikasimama. Sauti ile tuliirekodi mbali na picha, simu ikiwa karibu kabisa na meno ya mbuzi. Ile iliyokuja na picha ya mwendo wa pole ilikuwa inanguruma kama lori likipanda Makupa.

Nazi zote sita ziliisha, kwa wanaouliza. Mbili zilipotea kwa tangazo la uongo. Nyanya hakukubali hata punje itupwe, tumekula wali wa nazi siku mbili na mahamri ya tui ya tatu. Tangazo la pili tumemwomba aigize mwenyewe, kwa ajili ya kifumbu. Amesema atakubali kama hatutamwambia asicheke.

Kombo wa Kamera

Mwambie acheke. Utakata.

Baba Rama

Nimesoma yote mpaka mwisho. Hana waya nimeelewa, hana betri nimeelewa. Ana kilo ngapi?