Naombeni ushauri: mwanangu amefunga siku nzima kwa mara ya kwanza, zawadi apewe kabla ya futari au baada?

MamaWawili
Assalaam alaykum wana jukwaa. Kijana wangu wa miaka 8 juzi kakamilisha swaumu yake ya kwanza, kuanzia daku mpaka adhana ya magharibi. Mwaka jana alikuwa anaishia adhuhuri. Jumamosi nataka tufuturu pamoja na bibi yake, baba zake wadogo na shangazi zake, watu 12 hivi, aombewe dua na apewe saa ya mkononi. Swali langu: zawadi itolewe kabla ya futari au baada? Na kidini haina neno? Nina wasiwasi mpaka usingizi unanipaa.

Kijana_wa_Daku
Baada ya futari, mama. Kabla ya futari mtoto ataitazama hiyo saa kuhesabu dakika tu 😂 Hongera zake.

Mnyoofu
Mambo ya kuzua haya. Mtoto hajabaleghe, hana swaumu. Afunge asifunge ni sawa tu, sasa mnasherehekea nini?

UstadhiWaJioni
Ndugu Mnyoofu, umepatia nusu. Ni kweli si wajibu kwake mpaka abaleghe. Lakini mtoto anayejua anachokifanya, akifunga swaumu yake inasihi na ana thawabu zake. Rubayyi binti Muawwidh kasimulia, na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba walikuwa wakiwafungisha watoto wao siku ya Ashura na kuwatengenezea vitu vya kuchezea vya sufi. Mtoto akililia chakula hupewa kile kitu mpaka ufike wakati wa kufuturu. Ni hivyo tu, cha kuchezea cha sufi. Futari ya ndugu na dua haina ubaya, ilimradi isiitwe ibada maalumu. Anas bin Malik naye alikuwa akikhitimu Qur'ani huwakusanya watu wa nyumbani kwake akaomba dua.

Ila dada, mtu hakosi usingizi kwa sababu ya saa ya mkononi. Kuna nini?

BabaKhitma
Mimi niliwahi kumfanyia wangu alipokhitimu msahafu. Shughuli imekolea, mjomba wake akafungua msahafu katikati akamwambia, "Hebu tusomee hapa." Mtoto kaganda. Kumbe darasani walikuwa wanasoma kwa pamoja, yeye anafuata sauti za wenzake. Mistari miwili ikamshinda, akakimbilia chumbani akajifungia. Ilichukua miezi kabla hajaugusa msahafu tena. Kwa hiyo mwambie mwalimu wake ampime kwanza, afungue popote na amsikilize akiwa peke yake, ndipo muite watu.

MamaWawili
Asante baba, ila wangu ni swaumu, si khitma. Haya, niseme. Siku ile mchana alikunywa maji. Nilimwona kwa macho yangu saa saba, kasimama jikoni, kamaliza kikombe, kakifuta kwa kanzu na kukirudisha kabatini. Jioni akakaa mkekani na sisi, akasubiri adhana, akachukua tende kama wote. Sijamuuliza. Ila bibi yake nimeshamwalika na saa nimeshanunua. Mtoto kaona boksi, anajua ni yake. Naona kuahirisha ni kumvunja moyo, ni mdogo bado.

Ua_la_Asubuhi
Dada, hapo unamfundisha kuwa uongo una saa ya mkononi. Mimi ningefuta kila kitu.

UstadhiWaJioni
Usifute kitu kabla hujamuuliza. Anayekunywa kwa kusahau anaambiwa akamilishe swaumu yake, Mwenyezi Mungu ndiye aliyemnywesha. Huyu alikifuta kikombe, kwa hiyo sidhani alisahau, lakini hilo ni la yeye kulisema.

Hesabu_Zake
Samahani, mimi hadithi hii naitilia shaka. Mama, juzi kwenye uzi wa ratiba za kazi uliandika wiki hii yote unarudi nyumbani saa kumi. Leo umemwona saa saba jikoni, mpaka kikombe kafutia kanzu? Ama ulikuwa kazini, ama uzi huu umetungwa.

Kijana_wa_Daku
Eeh, mambo hayo. Tunangoja majibu.

MamaWawili
Sijatunga. Sikumwona mimi. Aliyemwona ni dada yake, ana miaka 11, akaja kuniambia usiku. Sikutaka kumtaja kwa sababu nilijua mtasema ana wivu.

Ua_la_Asubuhi
Na kwani ana sababu ya kuwa na wivu?

MamaWawili
Yeye alianza kufunga mwezi mzima akiwa na miaka 9. Na mwaka jana kakhitimu msahafu, kutoka Fatiha mpaka An-Nas, mwalimu kamsikiliza juzuu kwa juzuu. Hatukumfanyia kitu. Baba yao alikuwa mgonjwa, nyumba ilikuwa nzito. Si kwamba nambagua. Hakuwahi kudai.

UstadhiWaJioni
Basi tatizo lako ni hili, dada, lile la maji ni dogo. Babake Nuuman bin Bashir alimpa mwanawe kitu, akamwendea Mtume (s.a.w.) awe shahidi. Akaulizwa kama watoto wake wote kawapa mfano wake. Aliposema hapana, akaambiwa amche Mwenyezi Mungu na kufanya uadilifu baina ya watoto wake. Wanazuoni wamekhitilafiana kama usawa huo ni wajibu au ni sunna, lakini hakuna aliyesema ni jambo la kupuuza.

Leo usiku kaa na kijana peke yenu. Usimtaje dada yake, na usimtege kwa kumuuliza, "Ulifunga kweli?" Muulize mchana ulimwendaje, kisha nyamaza umsikilize.

Mnyoofu
Kuhusu thawabu ya mtoto nimerekebishwa, nashukuru ustadhi. Lakini watu 12 bado ni wengi.

MamaWawili
Nimerudi. Nilimuuliza tukiwa tunakunja nguo. Alikaa kimya, kisha akasema alipokuwa anatawadha kwa ajili ya adhuhuri alisukutua, maji kidogo yakateremka kooni bila kutaka. Akaona swaumu imeshaharibika, ndipo akaenda jikoni kunywa. Jioni aliogopa kusema kwa sababu mimi nilikuwa nimeshampigia bibi yake simu kumsifu. Kumbe nilipiga kabla hata ya adhana.

UstadhiWaJioni
Masikini. Kwa madhehebu ya Shafii, maji yakiteremka bila kukusudia, naye hakuzidisha kusukutua, swaumu haiharibiki. Wapo wanazuoni wanaosema inaharibika. Kilichoivunja kwetu ni kile kikombe, na alikunywa kwa kutojua. Mfundishe hilo, asukutue kidogo akiwa amefunga na maji ayateme. Hana deni la kulipa.

Hesabu_Zake
Nakuomba radhi mama. Boksi la saa je?

MamaWawili
Kasema mwenyewe liwekwe mpaka afunge siku nyingine, anataka kujaribu Ijumaa. Asipoweza, Jumamosi itabaki futari ya ndugu na dua tu. Bibi yake nitamwambia mimi kuwa niliwahi kusifu, sitamwachia mtoto aseme.

Ua_la_Asubuhi
Mimi bado naona zawadi isubiri mwezi mzima. Na binti?

MamaWawili
Nilimwambia Jumamosi ni ya khitma yake kwanza, na yeye ndiye atakayefungua kwa kisomo. Nikamuuliza anataka zawadi gani, akasema hataki kitu. Nilipofika mlangoni akaniita, akauliza kama bibi ataambiwa kabla hajafika kwamba siku hiyo ni ya kwake pia.