Kadi inasema 2NZ, injini imechongwa 1NZ. Nichukue hii IST?

Mpangaji_Mbagala:
Wakuu, habari za jioni. Nimepata Toyota IST hapa Dar, bei imekaa vizuri. Leo nimeenda na kadi mkononi kulinganisha. Chesisi iliyochongwa kwenye bodi inaanza na NCP60 na tarakimu zote zinalingana na kadi. Namba ya usajili sawa, rangi sawa. Shida ni injini: kadi imeandika 2NZ na ujazo 1298, lakini kwenye bloku, baada ya kufuta grisi, nimesoma 1NZ na namba tofauti kabisa. Tena jina kwenye kadi si la huyu anayeniuzia. Anasema alinunua akawa hajabadilisha. Naombeni ushauri kabla sijatoa hela.

Kibopa77:
Hilo gari la wizi mkuu. Namba zikipishana hata moja, kimbia.

FundiBloku:
Kibopa, taratibu. Inategemea namba ipi imepishana. Chesisi ndiyo gari lenyewe. NCP60 ni modeli, na zile tarakimu saba baada ya kistari ni za gari hilo moja tu. Hakuna NCP60 nyingine yenye namba hizo. Injini ni kifaa kinachofunguliwa na kufungwa, nayo ina namba yake inayoifuata popote inapokwenda.

Sasa angalia kisa hiki. IST ya NCP60 ilitoka kiwandani na 2NZ ya 1298. NCP61 ndiyo ilitoka na 1NZ ya 1496. Kwa hiyo kadi na bodi vinakubaliana: gari lilizaliwa na 2NZ, halafu mtu akaifungia 1NZ. Mafundi hufanya hivyo kila siku, injini ya kwanza ikifa. Ningeogopa zaidi kama bodi ingesoma NCP61 na kadi NCP60, maana hapo kadi ingekuwa ya gari jingine.

Ila rudi na tochi uiangalie ile chesisi tena. Pitisha kidole: herufi ziwe na kina kimoja na nafasi sawa. Ukiona alama za grenda, mstari wa kuchomelea kuzunguka kipande cha bati, au rangi mpya hapo tu, basi Kibopa yuko sahihi.

Mama_Wawili:
Mimi pikipiki yangu kadi ina jina la marehemu mume wangu, bado naitumia. Na mimi nibadilishe injini?

FundiBloku:
Pole sana dada. Lako si la injini, ni la jina. Hilo linapitia mirathi: msimamizi akishateuliwa na mahakama, ndiye anayeomba TRA wahamishe umiliki.

Sule_wa_Tanga:
Nyongeza. Hati ya Japani ya kusafirishia gari huandika modeli ya injini tu, mfano 2NZ, bila namba yake. Nimeshaona kadi za hapa zenye herufi hizo peke yake. Kadi ya namna hiyo haiwezi kukwambia injini ni ileile. Inakwambia aina tu. Mpangaji, yako ina tarakimu baada ya 2NZ?

Mpangaji_Mbagala:
Zipo, ndiyo maana nimeshtuka.

Sule_wa_Tanga:
Basi hata angefunga 2NZ nyingine ungeigundua. Muulize risiti ya hiyo 1NZ. Chesisi safi haisafishi injini. Inaweza kuwa imetolewa kwenye gari la mtu lililoibwa. Risiti iwe na namba ya injini, si neno "injini" tu.

Logibuku_Msa:
Huku Mombasa mimi simlipi mtu ambaye jina lake halimo kwenye logibuku. Namba zote zinaweza kuwa sawa na muuzaji asiwe na haki ya kuuza.

FundiBloku:
Naungana naye. Mwenye jina kwenye kadi ndiye wa kusaini mkataba wa mauzo, au uone mkataba aliomuuzia huyu. Na injini ikaguliwe na polisi, kisha ujazo na namba virekebishwe TRA gari likiwa bado la muuzaji. Ukilihamisha hivyo hivyo, siku ya ajali au ya kuuza wewe ndiye utakayeulizwa 1NZ imetoka wapi.

Kibopa77:
Nani atakubali kuhangaika na TRA kabla hajalipwa? Mpe nusu, nusu ubaki nayo wewe hadi kadi mpya.

Logibuku_Msa:
Nusu ya hela yako ikishaondoka, utamfuata wapi?

Mpangaji_Mbagala:
Nimempigia. Anasema risiti ipo kwa fundi aliyefunga, na mwenye kadi yuko Morogoro, atanipa namba yake kesho. Chesisi nimeipigia picha kwa karibu, herufi ya P naona imekaa juu kidogo kuliko wenzake. Kesho asubuhi narudi na tochi.

FundiBloku:
Usibebe hela.