Naomba ushauri: "vunja mguu" kwenye skripti ya kudabu

Wakuu, habari. Natafsiri skripti ya vichekesho kutoka Kiingereza kwa ajili ya kudabu. Joto la nyuzi 100 za Farenhaiti nimeshaligeuza 38 za Selsiasi, hilo halikunisumbua. Nimekwama hapa: rafiki anamwambia msanii anayepanda jukwaani "vunja mguu", ndivyo wanavyotakiana heri. Tukio linalofuata, jamaa ana plasta hadi gotini. Nikiweka "kila la heri", plasta inabaki haina maana. Nimejaribu "Kawavunje mbavu!", kisha mbele ya plasta rafiki aseme, "Nilisema mbavu, siyo mguu!" Shida, kwenye asili hapo anacheka tu. Ila kamera iko mgongoni kwake, midomo haionekani. Nyie mngeongeza sentensi hiyo, au mngemwacha acheke?